Mbia hujulikana kwa matendo, si kwa kibao

Siku ya soko pale Mwika, mkulima aliyeteremsha mikungu yake kumi ya ndizi hukutana na mnunuzi asiyekuwa na fedha taslimu. Mnunuzi humwambia kwamba atalipwa lori litakaporudi kutoka Dar es Salaam, na ili kumtoa wasiwasi huongeza maneno haya: "Biashara hii si yangu peke yangu, nipo na mjomba wangu mwalimu." Mkulima anamfahamu mwalimu huyo. Anajua kuwa ana mshahara wa kila mwezi na ana nyumba ya matofali. Basi mikungu inapakiwa.

Swali la nani hasa ni mbia katika biashara hiyo halimsumbui mtu siku ile. Huja kuulizwa miezi kadhaa baadaye, lori lilipokwama, ndizi zilipooza, na wakulima walipofika mlangoni kwa mwalimu kudai haki yao. Mwalimu hujibu kwamba yeye si mbia bali alimkopesha mpwa wake fedha. Wakulima hujibu kwamba mwalimu alikuwa akila faida. Wote wawili huenda wanasema kweli, na bado ni mmoja tu kati yao mwenye haki mbele ya sheria.

Kosa la kwanza ambalo watu wengi, hata wenye elimu, hulifanya ni kudhani kwamba ubia huzaliwa kwa karatasi. Hudhani kwamba pasipo mkataba uliotiwa sahihi, muhuri wa wakili na cheti cha kuandikisha jina la biashara, basi hakuna ubia. Sivyo ilivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 1961, inaeleza kuanzia kifungu cha 190 kwamba ubia ni uhusiano uliopo baina ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa nia ya kupata faida. Hapo yapo mambo matatu tu: pawe na biashara, ifanywe kwa pamoja, na lengo liwe faida. Karatasi haimo katika orodha hiyo. Watu wawili wanaweza kuwa wabia kwa mapatano ya mdomo, na wanaweza kuwa wabia hata kama neno "ubia" halikuwahi kutamkwa kati yao. Kadhalika, watu wanaweza kujiita wabia katika kila barua wanayoandika, na Mahakama ikaona kuwa sivyo walivyo.

Kosa la pili ni kulitumia neno "ubia" kwa mambo mawili yasiyofanana. Katika tambarare za Arusha Chini, kusini ya mji wa Moshi, kipo kiwanda cha sukari cha TPC. Kilipobinafsishwa mwaka 2000, Serikali ilibaki na asilimia 25 ya hisa, na asilimia 75 zikachukuliwa na kampuni ya Sukari Investment, ambayo nyuma yake walisimama wazalishaji wa sukari wa visiwa vya Morisi na Reunioni. Wananchi huuita mpango wa namna hiyo ubia wa Serikali na wawekezaji, na kwa lugha ya kila siku si vibaya kuuita hivyo. Lakini kwa sheria ile ni kampuni yenye hisa. Kampuni ni mtu peke yake mbele ya sheria: inamiliki mali kwa jina lake, inadaiwa kwa jina lake, na mwenye hisa aliyekwisha kulipia hisa zake haendewi nyumbani kwake kwa deni la kampuni.

Biashara ya ndizi ya mpwa na mjomba haina ngao hiyo. Katika ubia wa kawaida hakuna mtu wa tatu anayeitwa biashara ambaye anaweza kubeba deni. Kila mbia hufunga mwenzake kwa yale ayatendayo katika shughuli za kawaida za biashara yao, na kila mbia anaweza kudaiwa deni lote, si fungu lake tu. Ndiyo sababu swali la nani mbia si la wanasheria peke yao. Ni swali la nani atauza mbuzi wake ili mkulima alipwe.

Ili jambo hili lifahamike vyema, na lichukuliwe shauri moja la mfano, ambalo kila aliyeishi katika miteremko ya Kilimanjaro atalitambua ingawa halimhusu mtu yeyote maalumu.

Mwalimu alitoa shilingi 6,000,000 akampa mpwa wake aanzishe biashara ya kununua ndizi Mwika na kuziuza Dar es Salaam. Walikubaliana kwa mdomo kwamba gharama zikishatolewa, faida itagawanywa nusu kwa nusu. Lori ni la jirani, ambaye hulipwa shilingi 900,000 kwa kila safari. Ndizi zikifika Dar es Salaam hupokewa na dalali, naye hukata shilingi 500 kwa kila mkungu unaouzwa. Pale Mwika yuko kijana anayehesabu mikungu na kuandika daftari. Huyo hupata mshahara mdogo na, mwisho wa mwezi wenye faida, sehemu moja katika ishirini ya faida hiyo. Mikungu huhifadhiwa katika banda lililo kwenye kihamba walichorithi mpwa na dada yake.

Biashara ilikwenda vizuri kwa miezi minane. Mwezi wa tisa ulikuwa wa masika. Lori lilikwama siku tano njiani na shehena nzima ikaoza. Hesabu zilipofanywa ilionekana kwamba wakulima walikuwa wanadai shilingi 11,000,000 za mikungu iliyochukuliwa kwa mkopo, na katika akaunti mlikuwa na shilingi 2,000,000 tu. Zimebaki shilingi 9,000,000 zisizo na mahali pa kutoka.

Katika kisa hiki wamo watu sita walioigusa biashara kwa namna moja au nyingine. Ni wangapi kati yao walio wabia?

Dada wa mpwa ndiye rahisi kuliko wote. Yeye na kaka yake wanamiliki kihamba kwa pamoja, na huenda hata kahawa ya kihamba hicho wanaivuna na kugawana fedha zake. Lakini kumiliki mali kwa pamoja hakumfanyi mtu kuwa mbia, hata kama wenye mali hugawana mapato yake. Ndugu waliorithi shamba ni ndugu waliorithi shamba. Dada si mbia wa biashara ya ndizi kwa sababu tu banda limesimama juu ya ardhi yake.

Dalali wa Dar es Salaam naye hupata fedha nyingi zaidi mikungu mingi zaidi inapouzwa. Hata hivyo fungu lake hukatwa katika mauzo, kabla ya mafuta, ushuru na gharama nyinginezo kuhesabiwa. Biashara ipate faida au ipate hasara, yeye amekwisha kukata chake. Sheria hutenganisha wazi kugawana mauzo na kugawana faida. La kwanza peke yake halijengi ubia. Ni desturi ile ile ya ufugishaji wa ng'ombe iliyozoeleka Uchaggani, ambapo mfugishwaji hupata maziwa na samadi na mwenye ng'ombe akabaki na ng'ombe wake. Wanagawana mazao, lakini hawafanyi biashara moja.

Mwenye lori hulipwa kiasi kilekile kila safari. Anaweza kuwa rafiki mkubwa wa mpwa, na anaweza hata kumshauri wapi pa kununua ndizi kwa bei nafuu, lakini hana fungu katika faida wala sauti katika uendeshaji. Yeye ni mkodishaji, na kama hajalipwa safari ya mwisho basi naye ni mdai pamoja na wakulima.

Kijana wa daftari ndiye anayeanza kuleta ugumu, kwa sababu yeye hupata sehemu ya faida yenyewe. Katika karne ya 18 Mahakama za Uingereza, ambako kanuni hizi zimetoka, zilifuata msimamo kwamba yeyote aonjaye faida ni mbia na lazima aonje na hasara. Kwa kanuni hiyo kijana wetu angekuwa amekwisha. Lakini mwaka 1860, katika shauri la Cox na Hickman, msimamo huo uliachwa. Wafanyabiashara wa chuma walikuwa wamezidiwa na madeni, wakakabidhi biashara yao kwa wadhamini ili iendeshwe, na faida itumike kuwalipa wadai wao wa zamani. Mtu aliyeiuzia biashara hiyo madini ya chuma alipokosa kulipwa, aliwashitaki wadai wale akisema kwamba kwa kuwa walikuwa wakipokea faida, basi wao ndio wabia. Bunge la Malodi lilikataa. Lilisema kwamba swali la msingi siyo nani amepokea faida, bali biashara hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa niaba ya nani.

Tangu hapo kupokea faida kumebaki kuwa ushahidi wenye uzito, lakini ushahidi unaoweza kuvunjwa kwa maelezo mengine. Kijana wa daftari anayo maelezo: anapokea amri, ana saa za kazi, anaweza kufukuzwa, na lile fungu la faida ni sehemu ya ujira wake. Yeye ni mwajiriwa. Vivyo hivyo mjane au mtoto wa mbia aliyefariki, anayelipwa posho kutoka katika faida ya biashara, hawi mbia kwa sababu hiyo pekee.

Juu ya mpwa hakuna mabishano. Amebaki mwalimu.

Mwalimu anasema kwamba yeye ni mkopeshaji. Utetezi huo si wa kudharauliwa, kwa maana sheria inamtambua mtu anayekopesha fedha kwa biashara na akalipwa riba inayopanda na kushuka pamoja na faida. Mtu huyo hahesabiwi kuwa mbia kwa sababu tu ya malipo hayo. Hivyo haitoshi wakulima kusema kwamba mwalimu alikula nusu ya faida. Wala haitoshi mwalimu kusema kwamba alikopesha. Lazima uhusiano wenyewe uchunguzwe jinsi ulivyoishi, na yako maswali manne yanayoweza kuutoa ukweli wake.

La kwanza ni hili: je, ilikuwapo siku ya kurudisha zile shilingi 6,000,000? Mkopo una deni, na deni lina siku. Katika kisa hiki hakuna siku iliyotajwa, na kwa miezi minane hakuna hata shilingi moja iliyorudishwa kama sehemu ya mtaji. La pili: kama biashara ingekufa, je, mpwa angebaki akidaiwa fedha zile? Mwalimu mwenyewe, alipoulizwa na wazee wa ukoo, alikiri kuwa walielewana kwamba mtaji ukipotea umepotea. Mkopeshaji hasemi hivyo. Hayo ni maneno ya mtu aliyeweka mali yake katika hatari ya biashara.

La tatu ndilo zito zaidi: je, alikuwa na sauti? Daftari linaonyesha kwamba kila mwisho wa mwezi mwalimu alikagua hesabu na kuweka alama yake kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa nne alimkataza mpwa kununua mikungu kwa bei iliyopanda, na mpwa akatii. Fedha za mauzo zilikuwa zikiingia katika akaunti ambayo haikuweza kutolewa fedha pasipo sahihi ya mwalimu. Mkopeshaji anaweza kuomba kuona hesabu ili ajue kama fedha zake ziko salama; lakini anayeamua nini kinunuliwe, kwa bei gani, na nani alipwe, huyo anaendesha biashara. La nne: mgawanyo ulifanywaje? Nusu kwa nusu, bila ukomo, tena baada ya gharama. Mkopo wa kweli hufika mahali ukaisha, lakini nusu hii ingeendelea maadamu biashara ipo.

Hakuna jibu moja kati ya hayo manne linaloamua shauri peke yake. Yakiwekwa pamoja, hata hivyo, yanaelekea upande mmoja, na katika mashauri ya madai Mahakama haihitaji yakini isiyo na shaka. Inatosha upande mmoja wa mizani uwe mzito kuliko wa pili. Mwalimu ni mbia.

Matokeo yake ni mazito. Wakulima wanaweza kumdai yeye peke yake shilingi 9,000,000 zote, na bila shaka ndivyo watakavyofanya, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mshahara. Ndani ya ubia wenyewe hesabu ni nyingine. Hasara yote ni shilingi 15,000,000, yaani mtaji 6,000,000 uliopotea na deni 9,000,000. Pasipokuwa na mapatano mengine, hasara hugawanywa kama faida, kwa hiyo kila mmoja abebe 7,500,000. Mwalimu amekwisha kupoteza 6,000,000, na alipaswa kuongeza 1,500,000 tu. Iliyobaki ni ya mpwa. Lakini hayo ni ya mjomba na mpwa kumalizana wao kwa wao. Mkulima hayamhusu. Mwalimu atalipa kwanza, kisha atamdai mpwa asiyekuwa na kitu.

Pangekuwaje kama mwalimu angekuwa mkopeshaji wa kweli, mwenye hati na siku ya malipo? Hata hapo asingetoka salama moja kwa moja. Yakumbukwe maneno ya sokoni: "nipo na mjomba wangu mwalimu." Mtu akijitangaza kuwa mbia, au akajua kwamba anatangazwa hivyo akaridhia kwa kunyamaza, atawajibika kwa yule aliyetoa mali yake kwa kuyaamini maneno hayo. Kama jina la biashara lililochapwa katika vitabu vya risiti lilikuwa "Mjomba na Mpwa", na mwalimu alikuwa akiviona kila mwezi alipokagua hesabu, atashindwa kusema kwamba hakujua.

Mkulima naye, kabla ya kupakia, anaweza kutafuta nini? Biashara inayofanywa kwa jina lisilokuwa majina ya wabia wenyewe hutakiwa kuandikishwa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, na daftari hilo hutunzwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Yeyote anaweza kuomba kuona ni nani waliotajwa kuwa wenye jina hilo. Hatua hiyo ni njema, bali ina mpaka wake. Daftari huonyesha waliojitaja, na mbia aliyejificha nyuma ya mpwa wake hajitaji. Cheti cha jina la biashara hakiigeuzi biashara kuwa kampuni, wala hakimwondoi katika ubia mtu ambaye matendo yake yamekwisha kumweka humo. Kwa hiyo daftari la BRELA ni mahali pa kuanzia. Ushahidi wenyewe hupatikana katika sahihi za akaunti, katika vitabu vya hesabu, katika ritani za kodi ambamo kila mbia anapaswa kuonyesha fungu lake la mapato, na katika vinywa vya watu walioona nani anatoa amri.

Walimu na watumishi wengi wa umma wana ndugu wanaohitaji mtaji, na kuwasaidia si kosa. Lililo baya ni tabia ya kutaka faida ya mbia na usalama wa mkopeshaji kwa wakati mmoja. Aliyekusudia kukopesha na aandike kiasi, siku ya kurudishiwa na riba yake, kisha aondoe mkono wake katika uendeshaji, asikague kwa kalamu nyekundu wala asishike sahihi ya akaunti. Aliyekusudia kuwa mbia na ajitaje, aandikishwe, na akubaliane na mwenzake mapema hasara itabebwaje. Na yule aliyekuwa mbia akaamua kujitoa, awaarifu waliokuwa wakifanya naye biashara. Asipofanya hivyo, wale waliozoea kumwona wanaweza kuendelea kumhesabu kuwa yumo, na kwa madeni ya siku zake atabaki akidaiwa hata akitoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwalimu wa kisa hiki daftari lilikuwapo, na lilitunzwa vizuri. Kurasa zake zenye alama nyekundu ndizo zilizomtia hatiani. Lakini ndizo pia zitakazompa mkulima wa Mwika thamani ya mikungu yake kumi, ambayo aliitoa kwa sababu aliambiwa kwamba mwalimu yumo.